Naomba ushauri: kiharusi kimya kwa mtoto wa sikoseli
Habari zenu wazazi wenzangu, niko Kayole. Kijana wangu ana miaka 9, sikoseli ya SS, hajawahi kupooza wala kupinda mdomo, lakini tangu mwaka jana ticha analalamika eti ni mzembe. Nikimtuma dukani alete unga, chumvi na kiberiti anarudi na unga tu, na hesabu ya hatua mbili anaanza vizuri halafu anapotelea katikati. Nilimwamini ticha nikamchapa, na hiyo inaniuma mpaka leo.

Ile skani ya kupima kasi ya damu kichwani ilikuwa sawa, kumbe hiyo haionyeshi makovu ya kiharusi kimya kwenye ubongo, MRI ndiyo imeonyesha mawili madogo upande wa mbele, mahali pa kupanga mambo na kushika maagizo. Daktari anasema hayafutiki ila tuzuie mengine, ama aongezwe damu kila mwezi, ambayo ndiyo ina ushahidi zaidi lakini inajaza madini ya chuma mwilini, ama tuendelee na haidroksiurea dozi ikipandishwa.

Waliopitia hii, mlichagua gani? Na shuleni mliongeaje mpaka akapewa muda zaidi na maagizo moja moja?