Randomaiza ya Zelda: nimekwama bila nyundo, je, nifungue orodha ya siri?

BabaSalma: Habari za jioni, wadau. Mchezo wa A Link to the Past wa mwaka 1991 nimeumaliza mara nyingi hadi umenichosha, ndiyo maana nikajaribu randomaiza, ambayo huhamisha vitu vilivyofichwa katika maeneo zaidi ya 200. Nina glavu, viatu vya mbio, upinde na taa, lakini nyundo nimeitafuta kwa siku tatu, na bila hiyo sioni njia ya kuingia Dark World, ulimwengu wa pili wa mchezo huo. Je, mchanganyo huu ni mbovu, au nifungue orodha inayoonyesha kila kitu kilipo?

Kobe_Mzee: Futa uanze upya, ndugu. Programu hutawanya vitu ovyo, na wakati mwingine nyundo hujikuta imefungiwa nyuma ya mlango unaohitaji nyundo hiyo hiyo.

MamaChupa: Hilo si sahihi. Kabla ya kuweka nyundo mahali, programu hukagua kama mchezaji asiye nayo anaweza kufika hapo. Ukichagua `Beatable only` baadhi ya vitu vinaweza kubaki nje ya uwezo wako, lakini si vile unavyovihitaji ili ushinde. Orodha usiifungue, kwa sababu utamu wote uko katika kukisia. Kaka, je, umekwenda maktaba ya Kakariko ukaigonga rafu kwa viatu vyako? Na kwa Zora, mwenye kuuza kitu kwa rupia 500, umefika? Glavu zinatosha kukufikisha.

Shujaa_Nuzi: Mimi nacheza Pokémon kwa kanuni za Nuzlocke: unamkamata wa kwanza tu katika kila eneo, na akizimia humtumii tena. Juzi nilimpoteza Pidgey niliyemtunza tangu mwanzo, nikaizima simu. Jaribuni hiyo.

BabaSalma: Nashukuru, dada. Zora nilimpita kwa kuwa ninajua huuza mapezi ya kuogelea, na maktaba kwa kuwa kitabu ninacho tayari. Kumbe nilikuwa nikicheza mchezo wa zamani kichwani. Zora amenila rupia 500 kwa mabomu machache. Maktaba, hata hivyo, imenipa chupa, nikakumbuka yule mtoto mgonjwa wa kijijini, ambaye hatoi chochote mpaka akuone na chupa, nikamkimbilia, naye akanipa nyundo! Nimeingia Dark World, ila nimegeuka sungura asiyeweza kushika upanga, kwa sababu lulu ya mwezi sina.

Kobe_Mzee: Mimi bado ningefuta.

MamaChupa: Rudi kwanza Light World, kaka. Nyundo hiyo inapigilia chini vile vigingi ulivyokuwa ukivipita, na nyuma ya baadhi yake kuna vitu ambavyo hujavigusa.