Tupeane uzoefu: cheni na kidani kwa gauni la shingo ya V

Mwari wa Chumbageni: Wapendwa, huku Tanga harusi zimefuatana. Nina cheni ya inchi 20 na kidani cha inchi moja na nusu. Nikisimama kinagusa ncha ya V. Nikiinama kuwasalimia wakubwa kinazama ndani ya gauni. Mimi mfupi, futi tano tu. Nyie mnafanyaje?

Mama Cherehani: Shoga, mpelekee sonara akate inchi moja, kitapanda inchi moja. Hadithi imekwisha.

Sonara Ngamiani: Kwenye kukata hujakosea mama, ila hesabu siyo hiyo. Cheni ina pande mbili. Ukipunguza inchi moja, kidani kinapanda kama nusu inchi tu. Mwanangu, toka kishimo cha koo hadi ncha ya V ni inchi ngapi?

Mwari wa Chumbageni: Shikamoo fundi. Nimepima, nne.

Sonara Ngamiani: Marahaba. Basi ncha ya kidani iishie kwenye inchi tatu, ngozi ionekane kidogo chini yake. Unataka kidani kipande juu inchi moja, kwa hiyo cheni iwe 18. Lakini usikate! Mwambie fundi akuchomelee kipete kidogo inchi mbili kabla ya mwisho, ufungie hapo. Siku ya shingo ya duara unairudisha 20. Njia nyingine ni kubadili kidani: kikiwa cha nusu inchi, kinapungua inchi nzima bila kugusa cheni. Kwa mwili mdogo ningeanzia hapo.

Twiga wa Raskazone: Mimi mrefu, navaa 28 juu ya gauni lililofunga shingo, kidani kikubwa, inapendeza. Rafiki yangu mfupi aliiazima ikamfika tumboni, na akitembea inabembea. Wenye kifua kikubwa pia waangalie, inaning'inia mbali na mwili.

Baba Wawili: Samahani dada zangu, nataka kumnunulia mama watoto. Muuzaji kaniambia 16 inamtosha kila mwanamke. Kweli?

Sonara Ngamiani: Shingo yake ikiwa inchi 15 itambana. Chukua kwa siri cheni anayoipenda, inyooshe mezani, upime pamoja na kifungio. Na kidani kizito usikitie kwenye cheni nyembamba, itakatikia pale kwenye pete ya mwisho.

Mama Cherehani: Mteja akija kujaribu gauni, namfunga uzi shingoni wenye ufunguo. Anasimama, anakaa, anainama. Ufunguo ukituama vizuri, nakata uzi, anakwenda nao kwa sonara.

Mwari wa Chumbageni: Huo uzi nauiba! Na nikiwa na ushungi je?

Twiga wa Raskazone: Vaa ndefu juu yake.

Mama Cherehani: Mh, hapana. Ushungi wa hariri unakwaruzwa na kidani, nyuzi zinatoka. Hereni na bangili zinatosha.

Twiga wa Raskazone: Kidani laini hakikwaruzi bwana. Nimevaa hivyo kwenye nikahi ngapi!