Fundi kaniambia "tatu zinatosha", gauni limeishia katikati ya ugoko!!

dada_wa_tabata
Jamani nina hasira hapa hata chai haishuki. Sendofu ya binamu yangu ni Jumamosi, sare yetu kitenge, gauni refu la kunyooka mpaka kwenye vifundo vya miguu, mikono mirefu. Nikampigia fundi wangu wa Tandika, mwaka wa nne huu ananishonea, nikamuuliza ninunue ngapi, akanijibu huku cherehani inapiga kelele "chukua tatu, zinatosha". Tatu nini hakusema, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza. Nikapanda gari mpaka Kariakoo, muuzaji akakitandaza mezani akapima kwa ile fimbo yake ya yadi, moja, mbili, tatu, mkasi chwaa, akakunja akanipa.

Jana naenda kuchukua gauni, nalivaa, miguu yote nje kama mtu anayevuka maji ya Jangwani. Fundi ananigeuzia kibao eti nilipeleka kitambaa kifupi. Sasa ulivyoona kifupi si ungenipigia kabla hujatia mkasi?? Na kinachoniuma kuliko vyote, mdogo wangu ana urefu sawasawa na mimi, kashona mshono huohuo kwa fundi huyohuyo, yadi mbili na nusu tu, gauni linagusa viatu na kabaki na kipande cha kufungia nywele! Mwaka jana tena nilishona la krepu hivihivi, nikapeleka mita mbili na robo likanitosha vizuri tu. Naombeni mniambie nani kaniibia hapa, fundi au muuzaji?

mzee_wa_kona
Muuzaji huyo. Zile fimbo zinakatwaga kidogo chini, mwenzio nilishalizwa.

shangazi_T
Pole mwanangu. Ulikifua? Maana kitenge cha pamba ukikiloweka kinarudi, usimlaumu fundi wa watu bure.

dada_wa_tabata
Shangazi hata maji hakijaona, nimelivaa dukani kwake nikalivua palepale na machozi.

mkasi_mkali
Dada mimi nashona huu mwaka wa 19, kabla hatujamfunga mtu nipe namba tatu. Hipsi zako, hipsi za mdogo wako, na hilo gauni lilaze kitandani upime kutoka begani mpaka chini, uniambie na ulitaka liwe ngapi.

dada_wa_tabata
Hipsi zangu 46 (msinicheke), mdogo wangu 36. Gauni nimelipima sasa hivi ni inchi 51, nilitaka 56.

mkasi_mkali
Basi muuzaji mwacheni, kakupimia haki. Kila kipande fundi anaongeza inchi 1 ya mshono wa begani na 2 za pindo, kwa hiyo 51 yako ilikatwa kwenye 54. Mbele 54 na nyuma 54 jumla 108, ndiyo yadi tatu kamili, hakijapungua hata kidole.

Shida ilipo ni upana. Kitenge kina kama inchi 45, ukitoa ule ukingo wenye maandishi unabaki na 44 za kukata. Chukua hipsi 46, ongeza 2 za kupumulia, maana ukikaa kwenye kiti cha ukumbini usipasuke, ongeza 4 za mishono ya pembeni, mbele na nyuma kila upande, unapata 52. Hiyo 52 haikai kwenye 44. Kwa hiyo mbele na nyuma haviwezi kulala ubavu kwa ubavu, lazima kimoja kikae juu ya kingine kwenye urefu, 59 mara mbili ni 118. Wewe ulikuwa na 108. Kumi zilizopungua fundi kazigawa tano mbele tano nyuma akanyamaza.

Mdogo wako ana 36, weka 2 weka 4 ni 42, vyote viwili vinalala pamoja kwenye 44. Urefu mmoja tu wa 59, halafu mikono miwili ubavu kwa ubavu chini yake inchi 24, jumla 83. Yadi mbili na nusu ni 90, ndiyo maana kabaki na ka kufungia nywele. Krepu yako nayo ilikuwa ya upana wa 60, hiyo 52 yako inaingia na nafasi inabaki, ukapata hesabu ileile ya 83, na mita mbili na robo ni 88 na kidogo.

Watu wanadhani kitambaa kinaongezeka polepole kadri mwili unavyoongezeka. Kwa mshono wa kunyooka hakiendi hivyo. Kwenye kitenge mwenye hipsi 38 bado ananunua kama mdogo wako, akifika 39 tu anaruka yadi nzima.

bi_mahesabu
Mbona mnazunguka, sheria ni moja siku zote, urefu wa gauni mara mbili jumlisha mkono. Mimi sijawahi kupungukiwa.

mkasi_mkali
Hujawahi kupungukiwa kwa sababu unazidisha dada yangu. Kwa huyu ungenunua karibu yadi nne. Mbele ikichukua 26 kwenye 44 pembeni inabaki 18, mkono wa 17 unakaa hapohapo bila kununua kitu. Na kwenye krepu ya 60 ndo ungetupa hela kabisa. Ila mwenye mkono mpana wa puto hapo uko sahihi, hauingii pembeni.

mama_pacha
Na mimi naomba kuuliza, gauni la solo la mtoto wa miaka 6 yadi ngapi? Hipsi zake sijapima

mkasi_mkali
Solo hipsi hazina kazi mama, hiyo ni kiuno na urefu wa sketi. Fungua uzi wako usije ukachanganya watu.

mzee_wa_kona
Kwa hiyo fundi ndo mwenye kosa. Amlipe kitambaa.

mkasi_mkali
Kakosea kutia mkasi bila kumwambia, hilo simtetei. Ila nadhani najua ilivyokuwa. Alisema tatu akiwa na mita kichwani, mita tatu ni inchi 118, ndiyo ileile hesabu yetu, we ukaenda kwenye fimbo ya yadi. Na hata hizo mita tatu ni kubanana, dukani wakikata kwa kupinda umeisha. Mimi ningekwambia yadi tatu na nusu, ufue kwanza kirudi ndipo nikate.

bi_mahesabu
Mteja naye angeuliza, mdomo anao. Fundi asilipe kitu.

dada_wa_tabata
Wewe bi mahesabu usinitibue. Mkasi mkali, linarefushika au ndo basi?

mkasi_mkali
Linarefushika kama vipande vipo. Pembeni ya mbele na pembeni ya nyuma, ukitoa mikono, vinatakiwa vimebaki viwili vya kama 18 kwa 30. Vikilazwa vinatoa ukanda wa 26 kwa 7 mbele na mwingine nyuma, unaungwa chini unapata tano zako. Ubaya maua yatalala ubavu. Kama ni maduara hakuna atakayeona, kama ni ndege wataonekana wamekufa.

dada_wa_tabata
Ni tausi 😭 wanaangalia juu wote

shangazi_T
Weka ukanda wa rangi moja chini mwanangu, itaonekana ndo mshono wenyewe.

dada_wa_tabata
Sare ya watu 30 shangazi, mimi peke yangu na ukanda?? Haya nimempigia fundi nimuulize vipande, kakaa kimya weee, halafu anasema kimoja kipo. Kimoja! Nipo kituoni nasubiri gari la Tandika.