MREJESHO: Dola zilizokwama kwa sababu ya jina la mpokeaji

Niliuliza: "Nimetuma dola kutoka Dar kwenda kwa muuzaji Dubai, benki inasema zimeshikiliwa, jina lake limefanana na la mtu aliyewekewa vikwazo. Nifanyeje?"

Zimeachiwa. Kumbe benki yangu haikuwa na tatizo. Dola hupitia benki wakala ya Marekani, na huko mtambo hulinganisha majina na orodha ya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia vikwazo. Mtambo haudai herufi zilezile: Mohamed, Muhammad na Mohammed kwake ni kitu kimoja. Mimi niliandika majina mawili tu, "Mohamed Hassan", na majina hayo wanayo maelfu ya watu.

Benki wakala haizungumzi na mteja. Huuliza benki yako. Kwa hiyo nenda tawini na UETR, yaani namba ya kufuatilia malipo yako (ina herufi, tarakimu na vistari, jumla 36), omba maswali yao kwa maandishi, kisha yajibu yote kwa mkupuo. Kilichofungua suala langu ni nakala ya pasipoti ya muuzaji. Tarehe na mahali pa kuzaliwa havikulingana na vya yule wa kwenye orodha. Niliambatanisha na invoisi inayotaja bidhaa yenyewe. "Bidhaa mchanganyiko" huzaa maswali mapya.

Usitume upya kwa kupunguza jina au kubadili tahajia. Hapo utaonekana unakwepa ukaguzi.

Ila mpokeaji akithibitika ndiye hasa, pesa huzuiwa kisheria, na kuzitoa kunahitaji leseni ya OFAC, siyo barua ya meneja.