Tupeane uzoefu: mteja wa mkorogo akifika dirishani, unamwambia nini?

Mfamasia wa Zamu

Wakuu, naomba tupeane uzoefu wa jambo moja: mtu anayejichubua akija famasia kununua tyubu zake za krimu. Sitaki ya "mkorogo ni hatari", hayo kayasikia redioni tangu utotoni. Nataka maneno yenyewe unayomwambia, maswali unayomuuliza na hesabu unayompigia.

Naanza mimi. Kosa ninaloliona sana ni kumwambia kila mtu "acha leo leo". Kama kopo lake lina zebaki, ushauri huo ni sahihi kabisa, aache leo. Lakini kama ni steroidi kali na amepaka mwili mzima kwa miezi, kuacha ghafla kunaweza kumwangusha. Kwa hiyo kabla ya kushauri lolote nataka nijue anapaka nini.

Siulizi "unajichubua?", maana jibu ni hapana na mazungumzo yameishia hapo. Nauliza maswali matatu: unapaka sehemu gani, tangu lini, na tyubu moja inakwisha baada ya siku ngapi? La tatu ndilo lenye ukweli wote.

MamaKulwa

Mimi nauza vipodozi, wanaokoroga nawajua. Tyubu haipakwi tupu. Unachukua losheni kubwa ya mililita 400, unakamulia tyubu nne, unakoroga. Ile dawa inakuwa imeshapungua makali, si kama kupaka tyubu yenyewe. Naona hapo watu wa famasia mnatisha kupita kiasi.

Mfamasia wa Zamu

Mama Kulwa, asante, hiyo ndiyo hesabu niliyotaka, tuifanye hapa hapa.

Chukua tyubu za gramu 30 zenye maandishi `clobetasol propionate 0.05%`, yaani klobetasoli, steroidi kali sana. Nne ni gramu 120. Anayepaka mwili mzima asubuhi na jioni, chupa hiyo haimalizi wiki mbili. Tumpe wiki mbili kamili: ni gramu 60 za krimu hiyo kwa wiki. Kikomo cha klobetasoli kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa ngozi, tena chini ya daktari, ni gramu 50 kwa wiki na isizidi wiki mbili mfululizo. Yeye akimaliza chupa anakoroga nyingine.

Unachosema ni kweli nusu. Kila tone la mchanganyiko ni hafifu kuliko tyubu. Lakini chumvi ile ile ukiitia kwenye sufuria kubwa, halafu ukala sufuria zima, umekula chumvi yote. Losheni haikupunguza dawa, imeitandaza mpaka mapajani, kwapani na shingoni, sehemu ambazo ngozi yake ni laini na inanyonya zaidi. Gramu 120 kwa siku 14 ni kama gramu 8 na nusu kwa siku. Karatasi ya maelezo ya klobetasoli yenyewe inasema hata gramu 2 kwa siku zimeonekana kuzimisha kazi ya tezi za juu ya figo.

Hapo ndipo ninapomweleza mteja, bila kumkemea: "Dada, mwili wako una tezi zinazotengeneza steroidi yake. Hii unayopaka imeziambia zipumzike. Ukiitoa siku moja, hazitaamka siku hiyo hiyo."

Daktari wa Ngozi, Mwanza

Mfamasia kaanza vizuri. Naongeza wanavyofika kwangu, kwa sababu wengi hawaji kwa sababu ya rangi. Wanakuja na fangasi isiyo na umbo la fangasi. Pete ya kawaida ya fangasi kwenye ngozi ina ukingo unaoonekana. Ikipakwa steroidi, wekundu na muwasho vinapungua, fangasi yenyewe inaendelea kutambaa, na mgonjwa anasema "hii krimu inanisaidia, nikiiacha inarudi". Wengine wanaleta chunusi ngumu zilizofanana zote kidevuni na kifuani, mishipa myekundu mashavuni, au michirizi mipana mapajani na kwapani. Michirizi hiyo haitoki hata akiacha. Namwambia hivyo mapema, asije akanunua krimu nyingine ya kuiondoa.

Kwa aliyepaka uso tu, kuacha kunaleta moto: uso unawaka, unavimba, unatoa vipele, siku chache au wiki kadhaa baada ya kuacha. Asipoambiwa kabla, anaamini ngozi yake "imezoea" na anarudia tyubu. Mwambieni kabisa: huo ni uso unaodai steroidi, utatulia, ila unaweza kuchukua wiki nyingi.

Kwa aliyepaka mwili mzima kwa miezi, mimi sisemi acha. Napima kotizoli, ile steroidi ya mwili wenyewe, asubuhi saa mbili, ndipo ninapanga kushuka: kutoka kali kwenda ya kati, kisha haidrokotisoni asilimia 1, huku eneo na siku za kupaka zikipungua. Mpango huo haupangwi dirishani.

Msukuma wa Igoma

Samahani wakuu, mimi nina madoa meusi ya chunusi mashavuni, sijichubui. Nitajieni krimu ya kung'arisha isiyo na zebaki niinunue, hapa mtaani kila mtu anasema yake ni salama.

Daktari wa Ngozi, Mwanza

Ndugu, hilo ni swali lingine, lakini nitakujibu kwa ufupi. Doa la chunusi linafifia lenyewe polepole kama chunusi mpya hazitokei na jua halilipigi. Kwa hiyo anza na kutibu chunusi na kupaka kinga ya jua kila asubuhi. Uliza famasia kuhusu asidi ya azelaiki. Chochote kinachokung'arisha uso mzima ndani ya wiki moja, kiache.

Mkemia Mstaafu

Mmekaa sana kwenye steroidi. Zebaki ndiyo niliyofanya nayo kazi maabara, na watu wengi wanaitambua vibaya. Wanatafuta neno moja kwenye lebo. Kuna lebo zinazosema `Mercurio`, nyingine `Calomel`, nyingine `mercurous chloride` au `ammoniated mercury`, na nyingi hazisemi kitu. Angalieni maelezo ya matumizi: krimu inayokuambia usiiguse na dhahabu, fedha au alumini, vua pete kwanza, inakupa dalili kubwa, kwa sababu zebaki inakula metali hizo. Dalili nyingine ni krimu iliyokuwa nyeupe kugeuka kijivu au kijani iliyokolea ikikaa kwenye mwanga. Isipogeuka haina maana ni salama. Jibu la uhakika linatoka maabara, na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina vifaa hivyo.

Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo ya kipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata hiyo. Kopo la zebaki sokoni leo si suala la kuzidisha kiasi kidogo. Aliyeitia ameitia kusudi, kwa sababu inazuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi.

MamaKulwa

Wateja wangu wakihofia figo nawatuma wakapime kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo. Ikitoka nzuri wako salama.

Mfamasia wa Zamu

Hapana, mama, hapo tusiwaache. Zebaki huharibu kwanza chujio za figo, protini inavuja kwenye mkojo, na kreatinini inaweza kubaki nzuri kabisa huku mtu amevimba. Kipimo cha kwanza ni kijiti cha mkojo, rahisi na kipo karibu kila zahanati. Mwulize: mkojo una povu lisilokatika? Unaamka umevimba macho? Jioni viatu vinabana? Akisema ndiyo, aende hospitali akiwa na kopo mkononi, apimwe protini na zebaki ya mkojo.

Hili si la nadharia kwetu. Nairobi, utafiti uliochapishwa 1972 kwa watu wazima wenye ugonjwa huo wa figo kuvuja protini uliwakuta zaidi ya nusu wamekuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Na wengi wa aina hiyo hupona wakiacha mapema, ndiyo maana kwa zebaki sina subira.

Mkemia Mstaafu

Na mwambieni kuwa si yeye peke yake. Zebaki inabaki kwenye taulo, foronya na mikono, na inatoa mvuke. Mtoto anayelala naye, asiyepaka kitu, anaweza kukutwa nayo. Kopo lisichomwe, kuchoma ndiko kunakoirusha hewani. Lisimwagwe chooni. Lifungwe kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, liwekwe mbali na watoto hadi likabidhiwe. Taulo iliyolowa krimu ifungwe navyo, isichemshwe.

Binti wa Chumbageni

Jamani, mimi ninacho kopo lisilo na lebo, la kukorogewa saluni. Nimepaka mwili mzima tangu mwaka jana na nimejifungua juzi juzi, nanyonyesha. Mmesema zebaki acha leo, steroidi usiache ghafla. Mimi yangu sijui ni ipi. Nifanyeje?

Mfamasia wa Zamu

Mdogo wangu, hongera kwa mtoto. Kopo hilo usilipake tena, maana halijulikani na una mchanga kifuani. Lakini kwa sababu huenda lina steroidi, usikae nyumbani na uamuzi huo. Nenda hospitali leo au kesho asubuhi, kopo likiwa kwenye mfuko, na useme maneno haya: "Nimepaka mwili mzima krimu inayoweza kuwa na steroidi kali tangu mwaka jana, nimeacha leo." Wakupime kotizoli, sukari, presha na mkojo. Ukianza kutapika, kuishiwa nguvu, kizunguzungu ukisimama, au ukipata malaria au homa kali kabla hujaonwa, usisubiri: ni dharura, na wakijua historia yako watakupa haidrokotisoni ya sindano. Kuhusu kunyonyesha, waulize huko huko. Mtoto naye aonwe.

Daktari wa Ngozi, Mwanza

Nakubaliana, ila mimi ningempa kwanza haidrokotisoni ya vidonge ya kumkinga wakati majibu ya kotizoli yanasubiriwa, kama hali yake inatia shaka. Wenzangu wengine hawapendi kuanza kabla ya kipimo. Damu ichukuliwe kwanza, hapo hatubishani.

Na kama alishonwa wakati wa kujifungua, waangalie mshono. Ngozi iliyokonda haishiki nyuzi vizuri.

MamaKulwa

Sawa, nimesoma yote. Basi mwenzenu nauliza: anayekuja kwangu kununua losheni tupu, tyubu kachukua kwingine, mimi namwambia nini na wala sijaona hizo tyubu?

Mfamasia wa Zamu

Mwulize kama anakwenda kukoroga, na anatia tyubu ngapi. Akikutajia, zidisha mbele yake kama tulivyofanya hapa, kisha mwelekeze kwa famasia akiwa na tyubu zote. Krimu ya klobetasoli ni dawa ya cheti. Akiuliza kwa nini wewe huuzi, hilo ndilo jibu.