Friji isiyopoza: bei moja au malipo ya saa na spea?

Muulizaji, Kongowea: Assalaam alaykum. Nafungua karakana ya kutengeneza simu na friji. Je, nibandike ukutani bei moja kwa kila kazi, au nitoze saa nilizofanya pamoja na spea?

Fundi wa friji, Majengo: Waalaykum salaam. Kioo cha simu kina bei yake sokoni na muda wake unajulikana, kwa hiyo bandika bei moja bila wasiwasi. Kazi inayowagawanya mafundi ni friji inayovuja gesi, na hapo bei moja humsukuma hata fundi mwadilifu kufanya kazi nusu.

Chukua ubao ulioandikwa "kujaza gesi, shilingi 4,000". Tuseme gesi, filta na vifaa vya kuchomelea vimegharimu 1,300, zikabaki 2,700. Fundi anayejaza tu humaliza kwa saa moja, lakini anayetafuta tundu aweza kufanya kazi saa tano, akapata 540 kwa saa. Mteja wa yule wa kwanza hufurahi kwa wiki kadhaa, kisha barafu huanza kushika sehemu ndogo tu ya friza huku kompresa ikinguruma mchana kutwa bila kupumzika, jambo ambalo mara nyingi huashiria kwamba gesi imepungua tena. Friji nyingi ndogo zinazotumia gesi ya R600a hubeba gramu 40 hadi 60 hivi, kwa hiyo hata uvujaji mdogo huonekana upesi.

Hapa pwani mabomba ya chuma huliwa na chumvi, na lile linalozunguka fremu ya mlango limefichwa ndani ya ukuta wa friji, hivyo povu la sabuni halilifikii. Njia ya hakika ni kutenganisha upande wa shinikizo kubwa na ule wa friza, kujaza nitrojeni katika kila upande peke yake, na kuacha geji usiku kucha. Upande ambao mshale wake umeshuka ndio wenye tundu.

Mhasibu, Nyali: Basi haki ni saa na spea, pamoja na risiti za spea. Mteja alipe kilichotumika, asilipe zaidi.

Fundi wa friji, Majengo: Kuhusu risiti nakuunga mkono, ndugu yangu. Kuhusu saa, nakuuliza: geji inapoachwa usiku kucha, hizo ni saa za nani? Mimi huwa nimelala, au nafanya kazi ya mtu mwingine. Tena mwanagenzi huchukua saa tatu kuchomelea kiungo ambacho mwalimu wake hukimaliza kwa dakika 20, na si haki mteja amlipie masomo.

Mama wa nyumbani, Likoni: Mimi simu yangu iliingia maji ya bahari, nikatozwa 1,500, ikafanya kazi majuma mawili kisha ikazima kabisa. Fundi akasema hana dhamana. Je, nirudishiwe pesa zangu?

Fundi wa simu, Mwembe Tayari: Pole, mama. Hilo ni suala la dhamana, lakini lina uhusiano na mjadala huu. Maji ya chumvi huendelea kula saketi hata simu ikishawaka, kwa hiyo kinachoweza kuwekewa bei moja ni kufungua na kusafisha, wala si kupona kwa simu. Fundi wako alipaswa kukueleza hivyo kabla hujalipa. Kama alikuahidi imepona, una haki ya kumdai.

Msaidizi wa wakili, Tudor: Ongezeni sheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012, mkataba ukiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Anayetoza kwa saa baada ya kutaja makadirio hana uhuru wa kuongeza apendavyo.

Fundi wa friji, Majengo: Ndiyo sababu mimi siyataji makadirio ya kutengeneza kabla ya kujua tundu liko wapi. Natoza ada moja ya uchunguzi, kwangu ni 1,500, nikiwa nimehesabu saa mbili za kazi ya mikono bila kuhesabu usiku wa geji. Asubuhi nampigia mteja: bomba la mlangoni limetoboka, nitalikata nje ya mzunguko na kuunganisha njia nyingine, nibadilishe filta, nivute hewa, nipime gesi kwa mizani, jumla shilingi kadhaa. Bei hiyo haibadiliki, na nikichelewa hasara ni yangu.

Mhasibu, Nyali: Na akikataa kutengeneza?

Fundi wa friji, Majengo: Analipa ada ya uchunguzi na kuchukua friji yake.

Mama wa nyumbani, Likoni: Samahani, fundi, hapo sikubaliani nawe. Nilipe 1,500 kisha nirudi na friji bovu, tena imeshafunguliwa na haina hata ile gesi iliyobaki?

Muulizaji, Kongowea: Hilo ndilo linalonitia wasiwasi pia. Wateja wa mtaani kwangu wataondoka wakisikia ada hiyo, waende kwa anayejaza tu.

Fundi wa simu, Mwembe Tayari: Ukiikata ada hiyo kutoka bei ya mwisho kwa anayekubali, wengi watabaki. Kwa anayekataa, mimi ningepunguza hadi nusu, ingawa najua fundi wa Majengo atasema nusu hiyo hailipi hata nitrojeni.