Kamati ya Tangi, Ligula

Bi Somoe: Mmeuona ujumbe kule kikundi kikubwa? "Wezi wa mchana nyie! Kaya 32 mara 10,000 ni 320,000. Risiti ya tangi inasema 240,000. Themanini mmekula? Mhasibu mwenyewe kusoma hajui. Koki inavuja tangu Jumanne, nyie kazi kula tu." Nimjibu sasa hivi!

Mwl. Chande: Subiri dada. Unakili pembeni, kisha futa kila neno linalosema mtu badala ya jambo. Wezi, kusoma hajui, kazi kula: futa. Yanabaki mawili, ile 80,000 na koki.

Hamisi: Mie naona tumnyamazie kabisa. Tusi halijibiwi.

Mwl. Chande: Tusi sawa, lakini hesabu je? Mtaa mzima umeisoma. Tukinyamaza, kesho itasemwa kisimani kwamba 80,000 haina maelezo.

Bi Somoe: Na hilo la kusoma? Daftari lote nimeandika kwa mkono wangu!

Mwl. Chande: Ukisema "najua kusoma", watu watahamia kwenye shule yako, hela wataisahau. Piga picha ukurasa wa daftari, inatosha. "Wezi" ndilo lenye utata, maana ni tusi lenye dai ndani. Usiandike "sisi si wezi", onyesha hela zilikokwenda.

Bi Somoe: Waliotoa ni kaya 30, si 32. Kwa hiyo 300,000. Tangi 240,000, bajaji ya mizigo 25,000, fundi na mabomba 35,000. Imeisha yote.

Mama Zai: Koki hata yangu ya ndani inavuja, huyo fundi anachaji ngapi?

Hamisi: Mama Zai, tunaongelea ya tangi 😅

Mama Zai: Aa. Hiyo nayo inavuja kweli, nimepita pale, chini kuna tope.

Mwl. Chande: Basi hapo ana haki, na koki itangulie kwenye jibu. Wakiona tumekubali kosa letu, hesabu inayofuata wataisoma kwa utulivu. Taja siku ya fundi. "Tunalishughulikia" itamrudisha na hasira mpya.

Hamisi: Mbona yeye ni mmoja wa wale wawili hawajachanga? Hilo mnaliacha?

Mwl. Chande: Liache. Ukilitaja atajibu hilo tu, na yule wa pili ataaibika bure.

Hamisi: Hapo sikubaliani nawe mwalimu. Ukishaandika 30, watu watauliza wawili ni nani.

Mwl. Chande: Wakiuliza, mhasibu awafuate hao wawili faraghani kwanza.

Hamisi: Mmh.

Bi Somoe: Oneni: "Jirani, koki inavuja kweli, fundi anakuja Alhamisi asubuhi. Waliochanga ni kaya 30, jumla 300,000. Tangi 240,000, usafiri 25,000, fundi na mabomba 35,000. Picha ya risiti na daftari hizi hapa." Nitume?

Mama Zai: Fundi wa Alhamisi kaongea naye nani?

Bi Somoe: Mie nilidhani Hamisi.

Hamisi: Mie? Namba yake sina hata.

Mwl. Chande: Usitume. Mpigieni fundi kwanza.